Hesabu vipandio kabla hujaipenda nyumba

Picha za nyumba zilizotengenezwa na akili mnemba zimeingia kwenye matangazo ya viwanja na ramani za ujenzi hapa Dodoma kwa kasi. Unaona ghorofa moja maridadi, mawe makubwa ya Dodoma nyuma yake, barabara ya vumbi jekundu na nguzo za umeme pembeni. Watu wengi wakitaka kujua kama picha ni ya kweli hutazama nyuso na vidole vya waliomo. Kwa maoni yangu hapo si pa kuanzia tena, maana programu za sasa zinachora vidole vizuri mno. Tazama ngazi, kisha tazama nyaya. Hivyo viwili vina sharti moja gumu: kinachoanzia hapa lazima kifike kule, na kikiwa njiani hakiruhusiwi kubadilika.

Tuchukue picha ya aina hiyo, yenye ngazi za nje zinazopanda hadi baraza ya juu. Mlango wa chini ndio rula yetu. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2.1 hivi na upana wa sentimita 90. Pima kwenye skrini: kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni kama mlango mmoja na karibu nusu, yaani mita 3. Sasa hesabu vipandio. Ukikuta 9, gawanya: kila kipandio kina kimo cha sentimita 33, karibu kufika magotini. Mtu mzima ataparamia, na mama aliyebeba mtoto hatathubutu.

Ngazi ya nyumba inayopandika vizuri huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 18 kwa kipandio. Kwa mita 3, ukiweka vipandio 18, kila kimoja kinapata sentimita 16.7. Pa kukanyagia pawe sentimita 28. Mafundi wazuri hujumlisha kimo mara mbili na upana wa kukanyagia mara moja, na jibu linatakiwa liangukie kati ya sentimita 60 na 64. Hapa tunapata 61.4, safi. Lakini kwa kuwa kipandio cha mwisho ndicho sakafu yenyewe ya juu, pa kukanyagia ni 17, na 17 mara sentimita 28 ni mita 4.76 za ardhi kama ngazi imenyooka. Hata ukiikunja mara mbili kwa kuweka landingi katikati, bado inataka zaidi ya mita 3. Kwenye picha yetu ngazi nzima imebanwa kwenye upana wa mlango mmoja na nusu, kama mita 1.35. Haiingii.

Halafu hesabu upya, safari hii kwa upande wa ukutani. Ukingo wa nje unaonyesha vipandio 9, ule wa ukutani unaonyesha 7. Viwili vimeyeyuka katikati. Ukifuata reli ya kushikia utaona inaanza mbele ya nguzo ya baraza, inapita nyuma yake, kisha inaishia kwenye fremu ya dirisha. Na juu kabisa, pale ambapo zege la ghorofa lilipaswa kuachwa wazi ili kichwa kipite, zege limefunga.

Ubaya wake si wa macho tu. Mteja akimpelekea fundi picha hiyo na kusema "nataka hivi hivi", fundi hana vipimo vya kufuata. Atabuni akiwa eneo la ujenzi, na ngazi hazibuniwi zege likishamwagwa. Ama atavipandisha vipandio mpaka vichoshe, ama atakata boriti ili apate nafasi ya kichwa, na boriti iliyokatwa ndiyo iliyokuwa imebeba sakafu ya juu.

Nyaya za umeme zina kosa la jamaa moja na hilo. Laini ya msongo wa kati, ile ya kilovolti 11 au 33, kwa kawaida ina nyaya tatu, moja kwa kila fezi. Zikitoka nguzo ya kwanza tatu, zinafika ya pili tatu. Kila waya unakaa kwenye kikombe chake, kikombe kinakaa kwenye boriti ya mlalo, na katikati ya nguzo mbili waya unalegea kidogo kuelekea chini kwa uzito wake. Kwenye picha ya kutengenezwa tatu zinaingia nyuma ya mbuyu na zinatoka nne. Mmoja unakatika angani bila kushikwa na kitu. Laini inapokata kona hakuna waya wa mshazari uliokita ardhini kuizuia nguzo isivutwe, ilhali nguzo ya kona bila msaada huo huinama.

Sababu iko kwenye namna picha inavyozaliwa. Programu huanza na chenga tupu, kisha inazisafisha hatua kwa hatua kwa kukisia kitu gani kinafaa wapi. Nyingi hazifanyi kazi hiyo kwenye picha yenyewe bali kwenye muhtasari wake mdogo. Stable Diffusion ya mwaka 2022, kwa mfano, ilikunja picha ya pikseli 512 kwa 512 ikawa gridi ya 64 kwa 64, kwa hiyo kila chumba cha gridi kinabeba pikseli 8 kwa 8. Waya wenye unene wa pikseli 2 ni mwembamba kuliko chumba chenyewe. Programu za baadaye zinahifadhi undani zaidi na nyaya zao hukatika mara chache, ila hakuna mahali ndani yake panapohesabu kwamba tatu zibaki tatu, wala panapojua uzito wa zege. Uzio wa seng'enge hupata shida ile ile pale waya unapopita nyuma ya nguzo na kutokea upande wa pili ukiwa juu zaidi.

Hata hivyo, usiharakishe kumshtaki mpiga picha. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo za zege ni nyumba inayosubiri ghorofa, na nguzo isiyo na waya huenda imesimikwa jana. Picha ya panorama ya simu huvunja nyaya kwenye maungio, na picha iliyotumwa mara nyingi kwa WhatsApp hufuta nyaya nyembamba kwenye anga nyeupe. Tofauti inaonekana ukiweka ukingo wa karatasi kwenye skrini: waya uliofutwa unarejea kwenye mkunjo wake ule ule, na idadi haibadiliki. Wa kubuni unarejea mahali pengine.

Anayetaka kutangaza nyumba ambayo haijajengwa na afanye hivi: achore kwanza umbo lenye vipimo kwenye programu ya kuchora kama SketchUp au Blender, vipandio 18 vikiwemo, atoe picha ya mistari, kisha aiongoze programu ya picha kwa kiongezi cha ControlNet ili rangi na vivuli vifuate mistari hiyo. Nyaya nyembamba ni bora azichore mwenyewe mwishoni. Baadaye aweke mchoro wa mistari juu ya picha iliyotoka, aufifishe hadi nusu ili picha ya chini ionekane, na ahesabu vipandio pande zote mbili. Vikiwa 18 ukingo wa nje na 16 ukutani, picha hiyo isitoke, na inayotoka iandikwe wazi kwamba ni ya kutengenezwa.