"Mnyororo baridi uimarishwe": waraka uliogandisha chanjo

Nilipokuwa Katibu wa Afya wa wilaya moja ambayo sitaitaja, tulipokea waraka kuhusu utunzaji wa chanjo. Aya iliyoleta matatizo ilisomeka hivi (nimebadilisha maneno machache, mwendo wake ni uleule):

"Aidha, inaelekezwa kuwa mnyororo baridi uimarishwe katika vituo vyote vya kutolea huduma, kumbukumbu za joto zichukuliwe ipasavyo, na taarifa ya hitilafu yoyote iwasilishwe kwa mamlaka husika mapema iwezekanavyo ili hatua stahiki zichukuliwe."

Wiki chache baadaye tulifika kwenye zahanati moja iliyo mbali na barabara kuu. Kipimajoto cha friji kilisoma hasi 1. Muuguzi alitupokea kwa furaha na kutuonyesha kwamba agizo ametekeleza: alikuwa amezungusha kitufe cha friji mpaka mwisho. Aliambiwa baridi iimarishwe, naye akaiimarisha.

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Wengi tunaogopa joto tu, lakini baadhi ya chanjo, kama ya pentavalenti, ya pepopunda na ya homa ya ini, huharibika zikiganda, na hazirudi kuwa nzima hata zikiyeyushwa. Ubaya ni kwamba chupa iliyowahi kuganda inaweza kuonekana safi kabisa ukiitazama juu juu. Hata ile alama ya mraba kwenye chupa inayobadilika rangi hutusaidia kujua chanjo iliyopata joto, wala haisemi lolote kuhusu iliyoganda. Kwa hiyo muuguzi yule angeweza kuendelea kuchanja watoto kwa moyo mweupe, na chanjo isiwakinge.

Wenzangu kwenye gari walisema tatizo ni mafunzo. Mimi nilibaki nautazama ule waraka. "Mnyororo baridi" kwetu sisi wa ofisini ni mfumo mzima, kuanzia bohari hadi kwenye bega la mtoto. Kwa mtu aliye peke yake na friji, ni baridi. Na "uimarishwe" haimtaji mtu. Yeye alikuwa mtu pekee pale, akajitaja.

Kiswahili chetu cha serikali kinapenda sana kitenzi kisicho na mwenyewe: izingatiwe, ihakikishwe, iwasilishwe, zichukuliwe. Ni Kiswahili sanifu, tena kina adabu, maana hakimnyooshei mtu kidole. Ndiyo sababu kinapendwa. Jaribio langu ni jepesi: mbele ya kila kitenzi cha namna hiyo naandika kwa kalamu nyekundu "na nani?" Katika aya ile fupi nilipata vitenzi vinne na sikupata jibu hata moja. "Mamlaka husika" si jibu. Mganga mfawidhi ataamini ni Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, mratibu ataamini ni mkoa, na mkoa utauliza kwa nini hawakuambiwa.

Kisha tarehe. Waraka ulitaka taarifa ya hali ya majokofu "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya waraka huu". Ulisainiwa tarehe 4 Machi. Ukapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ukaja kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ukakaa masijala ukisubiri jalada, ukaandikiwa dokezo kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na zahanati ya mwisho ikaupata tarehe 27 Machi kupitia kwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku 14 zilikuwa zimekwisha siku 9 kabla. Mtu akishaona amechelewa bila kosa lake, huanza kuzichukulia tarehe zote za serikali kama mapambo.

Nikaamua kuandika ukurasa mmoja wa kuambatanisha na waraka. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua siku sita, na lugha haikula hata nusu yake. Kila nilipoweka cheo mbele ya kitenzi, mwenye cheo alikuja mlangoni kwangu.

"Katibu, hili la kusoma joto umesema muuguzi wa zamu. Zahanati ina watumishi wawili. Jumapili hakuna zamu."

Alikuwa sahihi. Joto linatakiwa lisomwe mara mbili kila siku, siku saba za wiki, kwa kuwa umeme haujui Jumapili. Waraka ulisema "ipasavyo" na kulipita shimo hilo kwa mwendo wa maringo. Tulipokaa na mratibu na waganga wafawidhi watano tuliowaita, tukagundua kwamba chati nyingi zilikuwa na namba za Jumapili, zote 4 na 5, zenye mwandiko na wino wa Jumatatu. Hakuna aliyeuliza zaidi, wote tulijua. Ikabidi tuamue jambo ambalo waraka haukuamua: mganga mfawidhi atapanga kwa jina mtu atakayesoma joto Jumamosi, Jumapili na sikukuu, akianza na anayeishi nyumba ya watumishi, na atalibandika jina hilo kabla ya Ijumaa saa 6 mchana.

Hilo ndilo nililojifunza mezani pale. Kwenye sentensi isiyo na mtendaji, mara nyingi kuna uamuzi ambao haujafanyika. Mwandishi wa wizarani hakusahau kumtaja mtu. Hakuwa na mtu wa kumtaja, au alijua akimtaja itabidi amtafutie posho. Anayesema kuandika upya waraka ni kurahisisha lugha hajawahi kuandika upya waraka.

Sehemu kuu ya ukurasa wetu mwishoni ilikuwa hivi:

"MUUGUZI WA ZAMU, au aliyepangwa siku hiyo. Soma kipimajoto cha friji ya chanjo saa 2:00 asubuhi na saa 10:00 jioni, kila siku. Andika namba uliyoiona na saini yako kwenye chati ya mlangoni. Usizungushe kitufe cha friji.

Ukikuta chini ya nyuzi 2 au juu ya nyuzi 8: usitumie chanjo hizo na usizitupe. Zihamishie kwenye kibebeo cha chanjo chenye vifuko vya barafu vilivyoanza kuyeyuka (ukitikisa usikie maji yakicheza ndani). Andika juu yake ISITUMIKE. Mpigie Mganga Mfawidhi papo hapo.

MGANGA MFAWIDHI. Mpigie Mratibu wa Chanjo wa Wilaya ndani ya saa 1 tangu ulipopigiwa. Huna salio? Bipu mara mbili.

MRATIBU WA CHANJO WA WILAYA. Ukibipiwa, piga ndani ya dakika 30. Amua chanjo itumike au isitumike ndani ya saa 24, na uandike uamuzi huo kwenye daftari la chanjo la kituo.

WAGANGA WAFAWIDHI WOTE. Taarifa ya hali ya friji imfikie mratibu Ijumaa, tarehe 11 Aprili, kabla ya saa 9:30 alasiri."

Neno "bipu" lilizua ubishi kuliko yote. Mkubwa mmoja alisema halifai kwenye karatasi ya serikali. Nikamwomba anitajie kifungu cha bajeti cha vocha za wauguzi. Likabaki.

Saa nazo zina hadithi. Rasimu ya kwanza niliandika 08:00, kama tunavyozoea kwenye ratiba za vikao. Muuguzi mmoja akasoma joto saa nane mchana siku nne mfululizo, na hakuwa na kosa. Tangu hapo naandika saa ya Kiswahili na kipindi cha siku: asubuhi, mchana, jioni. Na muda wowote wa "ndani ya" lazima useme unahesabiwa tangu lini, na tangu tukio ambalo anayetekeleza ameliona mwenyewe. "Tangu ulipopigiwa" anaijua. "Tangu tarehe ya waraka" inajulikana na masijala. Kuhusu taarifa iliyokwisha chelewa, hatukujipangia siku mpya kimyakimya: tulipiga simu mkoani, tukakubaliana tarehe 11 Aprili, kisha tukaiweka kwa barua.

Kabla ya kusambaza tuliwapa wauguzi watatu wausome. Sikuwauliza kama wameelewa, maana mtu akiulizwa hivyo na mkubwa kutoka wilayani hujibu "ndiyo" hata kama hajafungua karatasi. Nilichukua karatasi, nikauliza: "Leo Jumapili, saa 3 asubuhi, friji inasoma sifuri. Unafanya nini, na unampigia nani?" Wa kwanza alisema sifuri ni nzuri, chanjo inataka baridi. Wa pili alisema angezungusha kitufe kwanza, kisha apige simu. Ile sentensi ya kitufe iliingia jioni hiyo. Tukaongeza pia chati yenye rangi, chini ya 2 nyekundu na juu ya 8 nyekundu, ili baridi iliyopitiliza ionekane ni hatari sawa na joto.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mwenzangu wa ukaguzi wa ndani aliniuliza: "Umepewa mamlaka na nani kuandika waraka wa wizara?" Sikupewa. Kwa hiyo ukurasa wetu hauondoi neno hata moja la waraka na hauendi popote peke yake. Juu yake kuna kumbukumbu namba ya waraka na namba ya aya inayotekelezwa, umesainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya, na nakala iko jaladani kwa folio yake. Tukiongeza wajibu ambao waraka haukuusema, kama ule wa Jumapili, tunaandika wazi kwamba huo ni utaratibu wa wilaya. Mkaguzi akija anaona kipi kilitoka juu na kipi tuliamua sisi. Katika ukurasa uliochapwa tunataja vyeo tu; jina na namba ya simu huandikwa kwa penseli, kwa sababu waratibu huhamishwa na karatasi hubaki ukutani.

Kilichotushinda ni kipande cha mwisho cha ile aya: "ili hatua stahiki zichukuliwe". Friji ikifa kabisa, nani anatengeneza, kwa fedha ya nani, ndani ya siku ngapi? Mratibu alisema si yeye. Mkurugenzi alisema si fungu lake. Hatukutaka kubuni jibu, tukaandika barua kuuliza kupitia mkoa. Jibu lilirudi baada ya miezi miwili, likiwa na mhuri na saini ya K.n.y. Katibu Mkuu: "Somo tajwa hapo juu lahusika. Tafadhali zingatia maelekezo yaliyotolewa katika waraka tajwa. Nakutakia kazi njema."

Kwenye ukurasa wetu mstari huo bado uko hivi: "Matengenezo ya friji. Mhusika: ............ Muda: ............"