Usiniambie mayai sita, niambie gramu

Binti wa kaka yangu alinitumia picha ya meringi aliyoioka kwenye trei kubwa, akaongeza swali moja: "Shangazi, hapa nimekosea wapi?" Alikuwa anataka kitandiko kinene cha kuviringisha na krimu ndani. Alichopata ni kitu chembamba kama kaki, kimepasuka kila upande, na kilipoguswa tu kikavunjika. Nikamwomba anisomee maelezo aliyofuata. Ute wa mayai sita, sukari gramu 300, tandaza kwenye trei kubwa, oka. Basi. Hakuna saizi ya yai, hakuna kipimo cha trei, hakuna unene wa kutandaza.

Nilimjibu kwamba hajakosea popote, na nilimaanisha. Aliyekosea ni yule aliyeandika maelezo akaacha vitu vitatu muhimu kuliko vyote, kisha akamwachia mwenzake hasara. Hili linanikera kwa sababu meringi ina vitu viwili tu vya kupima, ute na sukari. Kama hata hivyo viwili tunashindwa kuvitaja sawasawa, mtu ajifunzeje?

Tuanze na yai lenyewe. Karibu asilimia 60 ya uzito wa yai zima ni ute, kiini ni kama asilimia 30, na kinachobaki ni ganda. Kwa hiyo yai dogo la gramu 48 linakupa ute wa gramu 29 hivi, na yai kubwa la gramu 70 linakupa gramu 42. Sasa vunja sita. Mwenye mayai madogo ana gramu 174 kwenye bakuli, mwenye makubwa ana gramu 252. Wote wawili wametii maelezo, wote wameweka sukari gramu 300. Wa kwanza ana sukari mara 1.7 ya ute, wa pili ana mara 1.2. Hizo ni meringi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza itakauka nje na kukamata umbo. Ya pili itakuwa laini, itajaa hewa kubwa kubwa, na ikikaa kidogo itaanza kutoa maji chini.

Kwa nini sukari iwe na nguvu hivyo? Kwa sababu ute wa yai karibu wote ni maji. Katika gramu 100 za ute, maji ni kama gramu 88, na protini zinazoshika mapovu ni kama gramu 10 au 11. Sukari ikiyeyuka humo, yale maji yanakuwa shira nzito isiyokimbia haraka kutoka kwenye kuta za mapovu. Ikiwa kidogo, shira ni nyepesi, inateremka, na povu linakaa juu ya dimbwi. Ndiyo maana uwiano wa moja kwa moja, yaani gramu 100 za sukari kwa gramu 100 za ute, unafaa pale tu meringi inapowekwa juu ya pai, ikababuliwa na kuliwa siku hiyohiyo. Chini ya hapo mimi sishauri mtu ajaribu kuikausha.

Upande wa juu nao una kikomo, na hiki ndicho wengi hawaelezwi. Maji ya joto la kawaida la chumba yanayeyusha sukari takriban mara mbili ya uzito wake, hayaendi zaidi ya hapo. Zile gramu 88 za maji, basi, zinaweza kubeba sukari gramu 176 hivi. Ukiweka gramu 200 kwa ute wa gramu 100, yaani ule uwiano wa mbili kwa moja unaosifiwa kila mahali, sehemu ya sukari haitayeyuka kamwe kwenye bakuli baridi, hata ukiipiga mpaka mashine ipate moto. Chukua tone la meringi, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga, zimebaki. Zikiingia oveni zinavuta unyevu, zinayeyuka huko, na utaona matone madogo ya rangi ya kahawia-dhahabu yamechomoza juu na kwenye kingo, na chini panananata.

Sisemi mbili kwa moja ni makosa. Kwa vimeringi vidogo vikavu vya kuweka siku nyingi kwenye kopo, ni uwiano mzuri, mradi utie akili kidogo. Ama upashe ute na sukari juu ya mvuke huku unakoroga mpaka chenga zipotee ndipo upige, ama upige nusu ya sukari na ute, kisha nusu nyingine iwe sukari ya unga, uichanganye taratibu mwishoni kwa mwiko. Lakini kwa kitandiko cha trei kinachotakiwa kuwa na ngozi kavu na tumbo laini, mimi nimekaa kwenye sukari mara 1.75 ya ute na sioni sababu ya kuhama. Sukari yote inayeyuka, umbo linasimama, na ndani hapawi chengachenga. Tumia sukari ya chenga ndogo. Anza kuimwaga ute ukishashika mapovu laini, kijiko baada ya kijiko. Ukiitia mapema mno povu litachelewa kupanda na litabaki zito.

Sasa trei. "Trei kubwa" si kipimo. Trei ya mtu ina sentimita 46 kwa 33, ya mwenzake 40 kwa 30, na mwingine anaita kubwa kwa sababu ndiyo pekee aliyonayo. Na hata tukikubaliana trei, swali la ute wa mayai mangapi unaijaza halina jibu mpaka useme unaijaza kwa kitu gani. Trei ileile ya 40 kwa 30 inaingia vimeringi 20 vya upana wa sentimita 5, ukiviachia nafasi ya sentimita 2 katikati na kingoni. Kila kimoja kina uzito wa gramu 8 hivi kabla ya kuoka, jumla gramu 160, na hapo ute wa mayai mawili ya kawaida unatosha. Kitandiko kwenye trei hiyohiyo kinakula zaidi ya mara tatu yake. Mtu anayekuambia "trei kubwa ni mayai sita" bila kuuliza unapika nini hajakusaidia.

Kinachokosekana ni namba moja tu: lita moja ya meringi yako ina uzito gani. Kuipata hakuhitaji utaalamu. Weka kikombe kitupu kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza meringi bila kuacha mashimo ya hewa pembeni, sawazisha juu kwa kisu, soma uzito. Kioshe, jaza maji kikombe kilekile, soma tena. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Tuseme meringi ni gramu 60 na maji ni gramu 240, jibu ni robo, yaani lita moja ya meringi ni gramu 250. Meringi iliyopigwa baridi hukaa karibu na hapo. Ile iliyopashwa kwanza huwa nzito zaidi, kwa hiyo pima ya kwako, usikope yangu.

Turudi kwa binti yetu na trei yake ya 40 kwa 30. Anataka unene wa sentimita 2.5. Nilimwambia asitandaze mpaka ukingoni, aache sentimita 2 kila upande, kwa kuwa meringi hutanuka kidogo na ikigusa chuma inaungua kingo kabla ya katikati kuiva. Eneo linabaki 36 kwa 26, yaani sentimita za mraba 936. Zidisha kwa 2.5, unapata ujazo wa 2,340, lita mbili na theluthi. Kwa robo ya uzito wa maji, hiyo ni meringi ya gramu 585. Kwenye uwiano wa 1.75, kila gramu moja ya ute inakuja na sukari yake, zinakuwa 2.75 pamoja. Gawa 585 kwa 2.75, ute ni gramu 213. Zidisha kwa 1.75, sukari ni gramu 373. Mwenye mayai ya ute wa gramu 35 anavunja sita. Mwenye yale madogo anavunja manane, na kidogo kinabaki.

Sasa tazama kilichompata. Mayai yake yalikuwa madogo. Ute gramu 174 na sukari 300 ni gramu 474, chini ya lita mbili, akazitandaza trei nzima kama alivyoambiwa. Unene ukawa sentimita moja na nusu. Kwa muda wa oveni uliokusudiwa kitu kinene, joto lilifika katikati mapema likakausha kila kitu. Uwiano wake wala haukuwa mbaya! Kilichomwangusha ni trei.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuhesabu mayai kunamfaa anayenunua mayai ya saizi moja siku zote na kutumia trei moja siku zote. Huyo jikoni kwake amekwisha pima bila mizani. Asiandikie wengine tu. Na asiye na mizani atumie kikombe kimoja kwa vyote: ute kikombe kimoja, sukari ya chenga ndogo vikombe viwili vilivyosawazishwa juu. Kwa kikombe cha mililita 240, ute ni karibu gramu 250 na sukari ni karibu 400, uwiano wa 1.6. Si kamili, ila ni mbali sana na kubahatisha.

Bakuli nalo liangaliwe, kwani lita mbili na theluthi za meringi zinahitaji bakuli la lita 4 au zaidi, lisilo na hata tone la mafuta wala kiini.

Na ukivunja mayai sita ukakuta mizani inasoma 180 badala ya 213, usitandaze kwa kunyoosha ili ifike. Weka sukari gramu 315, ndizo zinazolingana na ute ulionao. Jumla ni 495, karibu lita mbili, na kwa unene uleule wa sentimita 2.5 zinatosha eneo la 36 kwa 22. Chora mstatili huo kwa penseli upande wa chini wa karatasi ya kuokea kabla hujawasha mashine, tandaza humo ndani, na sehemu ya trei inayobaki iache wazi.