Acheni kupunguza pikseli, punguzeni fremu

Jamani, kuna mtu kanitumia rekodi ya skrini ya dakika 20 akionyesha jinsi ya kuseti seva, na kila amri anayoandika ni ukungu mtupu. 8, 6 na 0 zote sura moja. Namuuliza vipi, ananijibu "ilikuwa kubwa, nikaikompresi". Kumbe kachukua video ya 1920x1080 kaishusha hadi 640x360, na anajisifu faili limekuwa dogo. Dogo la kazi gani kama halisomeki?

Yaani hiki kitu kinaniudhi kwa sababu pikseli sizo zinazokula nafasi kwenye rekodi kama hiyo. Skrini ya taminali imetulia, kinachobadilika ni kasa inayopepesa na herufi moja moja. Kodeki kama H.264 ikikuta kipande cha picha hakijabadilika haikiandiki upya, inasema tu "rudia kile cha fremu iliyopita", na kusema hivyo ni karibu bure. Sasa wewe unakata pikseli ili kuokoa kitu ambacho tayari ni cha bure, na unalipa kwa maandishi. Mstari wa herufi ndogo una unene wa pikseli 1 au 2 tu, ukigawa upana kwa 3 huo mstari utakaa wapi? Unachanganywa na rangi ya nyuma yake, unakuwa kijivu, na hakuna mtu wa kuurudisha tena hata akuze vipi.

Uzito uko kwingine. Kwanza, rekoda nyingi zinarekodi kwa biti zisizobadilika, mfano 6000 kbps, iwe skrini inacheza au imelala. Dakika 20 hapo ni MB 900 za picha, hata kama ulikuwa umeenda kunywa maji. Pili ni zile fremu kamili, zinazoandikwa nzima bila kutegemea iliyotangulia. x264, yaani programu inayoandika H.264, usipoigusa mipangilio yake haipitishi fremu 250 bila kuweka moja, kwahiyo kwa fremu 30 kwa sekunde ni kila sekunde 8 hivi, na dakika 20 zinabeba kama 144, picha ile ile inaandikwa nzima mara 144!! Shusha hadi fremu 10 kwa sekunde, sogeza fremu kamili hadi kila 600, unabaki na kama 20 tu, ukiongeza zile inazoweka yenyewe ukibadilisha dirisha. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, amri ni hii:

```
ffmpeg -i rekodi.mkv -vf fps=10 -c:v libx264 -preset veryslow \
  -crf 20 -g 600 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 64k -ac 1 ndogo.mp4
```

Ona hakuna mahali nimegusa upana wala urefu. Hiyo `-crf` ndiyo inayochukua nafasi ya biti zisizobadilika, unaiambia ubora unaoutaka na yenyewe inatumia biti pale tu kitu kinapotokea. Namba ikipanda faili linapungua na herufi zinaanza kuota vumbi pembeni. Jaribu dakika moja kwanza, simamisha pale penye maandishi madogo kabisa, tazama. Ukiona maandishi yanafifia halafu ghafla yanang'aa kila baada ya muda, hiyo ni fremu kamili inapita na ubora wa katikati hautoshi, shusha `-crf`. Sauti hapo ni kama MB 10 kwa dakika 20, na usishangae ikawa sehemu nzito ya faili zima.

Haya, hasara zipo. Mausi itarukaruka kidogo, na kuruka mbele kwenye video kunaweza kuwa kuzito maana fremu kamili ziko mbali, dakika nzima. Na kama ulirekodi skrini ya 4K ambayo kila kitu kimekuzwa mara mbili, basi igawe kwa 2 kamili, hapo sina ugomvi na wewe. Video ikiwa na filamu inacheza ndani yake, sahau yote niliyosema.

Kitu kingine watu hawakioni ni rangi. `yuv420p` inahifadhi mwanga kwa 1920x1080 lakini rangi kwa 960x540, ndiyo maana maandishi meupe yanatoka safi halafu yale mekundu juu ya nyeusi yanavuja. `yuv444p` inatibu hilo, ila simu na vivinjari vingi vinagoma kuicheza, kwahiyo mimi nabadilisha tu rangi za taminali kabla ya kurekodi.

Na tafadhali ukimaliza itume kama dokyumenti. Ukiituma kama video, programu za kuchati zitaikompresi upya kwa akili zao, na tutarudi kuulizana ile ni 8 au 6.