PEG inaona ukuaji, haioni gharama yake

Watetezi wa PEG, kipimo cha bei ya hisa kinachozingatia ukuaji wa faida, wana hoja. P/E, yaani bei ya hisa kugawanywa kwa faida ya kila hisa, huionea kampuni inayokua: hisa ya mara 30 huonekana ghali mbele ya hisa ya mara 10, hata kama faida yake inapanda kwa kasi mara tatu. Ndipo mwekezaji Mmarekani Peter Lynch akaeneza PEG, yaani P/E kugawanywa kwa asilimia ya ukuaji wa faida, 1 ikihesabiwa kuwa bei ya haki. Kwa kuchuja hisa nyingi haraka, kinafaa.

Tatizo ni kwamba PEG huchukulia asilimia moja ya ukuaji kuwa na thamani ileile kila mahali, wakati ukuaji hununuliwa, na kila kampuni huununua kwa bei yake.

Chukua kampuni mbili zisizo na deni. Kila moja inatarajia faida ya milioni 100 mwaka ujao, na faida zote mbili zitakua asilimia 5 kila mwaka. Mtaji mpya wa ya kwanza huzalisha faida ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa hiyo inabakiza milioni 25 tu za kuwekeza na kuwagawia wenye hisa 75. Ya pili huzalisha asilimia 10. Kupata ukuaji uleule inabakiza 50, wenye hisa wakaambulia 50.

Ili kupata thamani ya kampuni, mwekezaji anayetaka asilimia 10 kwa mwaka atagawanya gawio lake kwa tofauti ya asilimia hiyo 10 na ukuaji wa asilimia 5, yaani 0.05. Ya kwanza ina thamani ya milioni 1,500, ya pili 1,000. P/E ni 15 na 10; PEG ni 3 na 2. Bei zote mbili ni sahihi kabisa, lakini PEG inaituhumu ile bora kuwa ghali zaidi.

Cha kushangaza zaidi ni hiki: kampuni ya pili ikiacha kukua na kugawa milioni 100 zote, thamani yake inabaki 1,000 ileile. Ukuaji wake wote haukumwongezea mwenye hisa hata senti, na bado PEG ilikuwa ikiuhesabu kama sifa. (Ukuaji ukiwa sifuri, PEG yenyewe haigawanyiki.)

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, jumlisha faida iliyobakizwa kwa miaka mitano, kisha uangalie faida ya mwaka imepanda kiasi gani. Milioni 200 zilizobakizwa zikileta nyongeza ya 40, hiyo ni asilimia 20; zikileta 12, ni 6 tu. Kipimo hiki hakiaminiki kwa biashara ambayo faida yake hupanda na kushuka na msimu wa uchumi, wala pale deni lilipoongezeka katika miaka hiyohiyo. Mkopo unaweza kupandisha faida bila biashara yenyewe kuwa bora, na hisa hiyo, kwa kuwa imebeba hatari zaidi, inastahili P/E ya chini.