Bango la Mshauri na Duara Linalomeza Maneno

Wiki hii nimefungua ukurasa wa LinkedIn wa mshauri mwelekezi wa kodi, mtu mwenye uzoefu wa kuheshimika, na juu ya jina lake nikakuta bango la kupendeza ambalo maneno yake makubwa yalisomeka "di kwa biashara ndogo". Sehemu iliyobaki, yaani "Ushauri wa ko", ilikuwa imefunikwa na picha yake mwenyewe. Nimekasirika kwa niaba yake, kwa sababu alimlipa msanifu na akakabidhiwa kazi ambayo haikuwahi kutazamwa mahali itakapokaa.

Kosa hili huanzia kwenye turubai. Bango la ukurasa binafsi wa LinkedIn hutengenezwa kwa upana wa pikseli 1584 na kimo cha pikseli 396, na msanifu akiufungua mstatili huo mtupu huuona wote kuwa ni wake. Kwa mazoea ya kuandika kuanzia kushoto, anaweka nembo na kaulimbiu kwenye kona ya chini kushoto, palepale ambapo duara la picha ya wasifu hupanda juu ya bango. Kwa hiyo ninashikilia kwamba eneo la picha litengwe kabla ya kuchagua rangi, fonti au mapambo yoyote.

Namna ya kulitenga ni rahisi. Chora mstari wa mwongozo kwenye pikseli ya 528, yaani theluthi ya upana, kisha upande wote wa kushoto wa mstari huo, kuanzia juu hadi chini, usiweke neno wala nembo, bali rangi tupu au mchoro hafifu usiopoteza maana ukifunikwa. Wapo watakaosema kwamba theluthi nzima ni nyingi mno, na ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwenye skrini ya kompyuta duara huchukua nafasi ndogo kuliko hiyo. Lakini kwenye simu bango husinyaa huku picha ikibaki kubwa, hivyo duara lilelile humeza sehemu kubwa zaidi ya upana, na anayebuni kwa kipimo cha kompyuta peke yake atayapoteza maneno yake kwa wasomaji wote wa simu. Vilevile wapo wanaolalamika kwamba bango la namna hiyo huonekana limeelemea kulia. Ni kweli likitazamwa peke yake, ila picha ikishakaa mahali pake, ndiyo inayojaza upande wa kushoto na mizani ikapatikana.

Tulichukue bango la mshauri huyo tulipange upya. Maneno yaanzie pikseli ya 600 na yasivuke ya 1520, ili ukingo wa kulia nao upumue. Kwenye simu yenye upana wa takribani pikseli 396 bango hupungua hadi robo, hivyo herufi za pikseli 40, zinazoonekana kubwa kwenye meza ya msanifu, hubaki pikseli 10 na hazisomeki bila kukaza macho. Ukiziandika kwa pikseli 72 zitabaki 18. Kwa ukubwa huo "Ushauri wa kodi" inatosha mstari mmoja, na "kwa biashara ndogo" unaofuata. Orodha ya huduma saba, namba ya simu na anwani havina nafasi hapa.

Rangi za chapa yake ni buluu nzito, #12355B, na chungwa, #F28C28. Msanifu alikuwa ameweka maandishi meupe juu ya chungwa, na uwiano wa ung'avu kati ya rangi hizo mbili ni kama 2.5 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, unataka angalau 3 kwa 1 hata kwa herufi kubwa. Buluu ikifanywa mandharinyuma, maandishi meupe hufikia zaidi ya 12 kwa 1, na chungwa juu ya buluu hiyo hupata takribani 5 kwa 1, kiasi cha kutosha kwa mstari mwembamba au neno moja la kukazia. Chapa imebaki ileile, kilichobadilika ni rangi ipi inabeba ipi. Faili lihifadhiwe kwa RGB, mfumo wa rangi wa skrini, kwa kuwa rangi za CMYK zilizoandaliwa kwa ajili ya uchapaji huweza kubadilika zikifika kwenye skrini.

Msanifu asikabidhi kazi kabla ya kuweka juu ya bango duara la majaribio lenye sura ya mteja, kulipunguza bango lote hadi robo ya ukubwa wake na kulisoma kwenye simu. Na mteja asikubali kuidhinisha mstatili mtupu ulioletwa kwa barua pepe. Adai kuuona ukiwa na picha yake juu yake, kwenye kompyuta na kwenye simu, kabla ya kulipa salio.