Chapati Hailiwi Peke Yake

Juzi usiku mdogo wangu wa kiume alinitumia picha ya jedwali la alama za ubora wa protini, na chini yake swali moja: "Dada, kwa hiyo chapati haina kitu kabisa?" Yeye hunyanyua vyuma, na siku hizi amehamia kwenye unga wa protini ya njegere unaouzwa kwa makopo. Jedwali lenyewe lilikuwa fupi. Protini ya yai 1.00, ya soya iliyotengwa kiwandani 1.00, ya njegere iliyotengwa kwa njia hiyo hiyo 0.89, na gluteni, yaani protini kuu ya ngano, 0.25.

Namba hizo si za uongo. Nimezifanyia kazi kwa miaka kadhaa na zinakaribiana na nilizozoea kuziona. Ninachokataa ni namna zinavyosomwa, kama matokeo ya darasa, wa kwanza mpaka wa mwisho. Alama hiyo inaeleza kitakachotokea mtu akila protini ya aina moja tu, bila kingine chochote. Hakuna nyumba ninayoijua inayokula hivyo. Mara vyakula viwili vikikutana kwenye sahani moja, mpangilio wa jedwali unaweza kupinduka, na hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa anapotea.

Jina la kipimo ni PDCAAS. Kilipendekezwa kwenye mkutano wa wataalamu wa FAO na WHO mwaka 1989, ripoti yake ikatoka 1991, na mwaka 1993 Marekani ikakiingiza kwenye kanuni za vibandiko vya vyakula. Kinauliza mambo mawili. La kwanza: je, protini hii ina kila asidi amino ya lazima, yaani vipande vya kujengea protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa kiasi anachohitaji mtoto wa miaka 2 hadi 5? La pili: kati ya protini iliyomezwa, ni kiasi gani mwili umekichukua? Jibu la pili hupatikana kwa kuwalisha panya wa maabara, kisha kupima naitrojeni ya protini iliyobaki kwenye kinyesi chao, baada ya kuondoa ile ambayo wangeitoa hata wasipokula protini yoyote. Majibu hayo mawili yanazidishwa:

```
PDCAAS = (mg za asidi amino iliyopungua zaidi katika g 1 ya protini
          / mg zinazohitajika) x umeng'enyaji
```

Neno la kushika hapo ni "iliyopungua zaidi". Mwili ukijenga msuli hauwezi kuruka asidi amino moja na kuendelea na nyingine, kama fundi asivyoweza kuendelea na ukuta saruji ikiisha hata kama tofali zimejaa uwanjani. Kwa hiyo alama yote ya chakula inaamuliwa na kile kimoja kilichokosekana kuliko vingine.

Kwenye ngano kinachokosekana ni laisini, moja ya asidi amino hizo za lazima. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 58 katika kila gramu ya protini. Gluteni ina kama 15. Gawanya 15 kwa 58 upate 0.26, zidisha kwa umeng'enyaji wa 0.96, jibu ni 0.25. Tazama vizuri hiyo 0.96. Watu wengi wakiona alama ya ngano ilivyo chini wanadhani tumbo linashindwa kuimeng'enya. Hapana, inameng'enywa karibu sawa na yai. Tatizo lake si tumbo, ni upungufu wa kitu kimoja, na upungufu wa kitu kimoja unazibika.

Unga mweupe wa kupikia chapati una nafuu kidogo kuliko gluteni tupu, kwa kuwa una protini nyingine pia. Laisini yake ni kama miligramu 22 kwa gramu, na alama inafika 0.36. Njegere kavu zilizopikwa zinasimama upande wa pili kabisa. Laisini zinayo tele, kama miligramu 72, ila zinapungukiwa na asidi amino zenye salfa, yaani methionini na sisteini, ambazo zikijumlishwa ni kama 22 wakati zinahitajika 25. Umeng'enyaji wake ni kama 0.88, kwa hiyo alama inakuja 0.77. Aina ya njegere na mapishi huisogeza namba hiyo juu au chini, na kwenye ripoti ya 1991 unga wa njegere ulipewa 0.69. Ngano, kwa bahati njema, ina salfa hiyo ya kutosha na kubaki, kama miligramu 39.

Sasa tuweke sahani mezani. Chukua chapati za unga wa gramu 120, ambazo zina protini ya gramu 12 hivi, na mchuzi wa njegere uliotokana na gramu 50 za njegere kavu, nao una gramu 12. Kosa la kawaida ni kuchukua alama mbili na kutafuta wastani wake: 0.36 na 0.77, wastani ni kama 0.57. Alama hazichanganywi hivyo. Kinachochanganywa ni asidi amino zenyewe, halafu alama inatafutwa upya. Ngano imeleta miligramu 264 za laisini, njegere zimeleta 864, jumla 1,128 ndani ya gramu 24 za protini. Hiyo ni 47 kwa kila gramu. Ukigawanya kwa 58 na kuzidisha kwa umeng'enyaji wa wastani wa 0.92, unapata karibu 0.75. Ngano imefichiwa aibu yake, na njegere nazo zimefichiwa yao.

Hesabu iliyonifanya niandike makala hii ni inayofuata. Ondoa njegere, weka mayai mawili, kama rolex ya Uganda inavyoviringishwa. Mayai mawili nayo yana gramu 12 za protini, na laisini yake ni miligramu 72 kwa gramu, sawasawa na ya njegere. Kwa hiyo tunarudi kwenye 47 ile ile, na kwa kuwa yai linameng'enywa vizuri zaidi alama inapanda kidogo, 0.78. Zikipimwa peke yake, yai lenye 1.00 na njegere zenye 0.77 zimeachana mbali sana. Kando ya chapati, tofauti yake ni 0.03.

Soya je? Yenyewe iko juu ya njegere kwenye kila jedwali, lakini laisini yake ni kama miligramu 63. Hata nikiipa umeng'enyaji mzuri wa protini iliyotengwa kiwandani, gramu zake 12 na gramu 12 za ngano zinatoa kama 0.70. Imeshuka chini ya njegere. Aliyelingana na yai akiliwa peke yake amekuwa wa tatu mbele ya chapati, kwa sababu ubora wa soya uko kwenye uwiano wake wote, na chapati haiombi uwiano, inaomba laisini tu.

Kuna sababu nyingine inayofanya jedwali lidanganye jicho, nayo ni kikomo. Kanuni inasema alama yoyote inayopita 1.00 ikatwe irudi 1.00. Yai bila kukatwa lingefika kama 1.18. Mantiki ya kukata ni kwamba ziada haimsaidii mtu anayekula yai tu, na hilo ni kweli. Ila ziada hiyo hiyo ndiyo inayoziba pengo la chapati. Nadhani lilikuwa kosa kuifuta kwenye namba inayochapishwa, maana vyakula vyenye akiba kubwa na visivyo na akiba vinaonekana sawa. Wataalamu wa FAO waliporudi kwenye suala hili, kwenye ripoti ya 2013, walipendekeza kipimo kipya kinachoitwa DIAAS ambacho chakula kimoja kimoja hakikatwi. Pia walitaka upimaji ufanyike mwisho wa utumbo mwembamba badala ya kwenye kinyesi. Bakteria wa utumbo mpana hula baadhi ya protini iliyopita bila kuchukuliwa, na kipimo cha kinyesi huihesabu kana kwamba mwili umeitumia. Hata hivyo vibandiko vingi unavyovisoma leo bado vinafuata kile cha zamani.

Nimwambie mdogo wangu pia kwamba 58 ni ya mtoto mdogo. Mtu mzima anahitaji kama 45, na kwa kiwango hicho chapati yake tupu inatoka 0.36 inafika 0.47. Chapati ni ile ile, aliyebadilika ni mlaji. Kwa hiyo anayepaswa kuogopa chapati tupu na chai kila siku ni mama mwenye mtoto wa miaka mitatu, si kijana wa mazoezi anayekula kilo nzima ya chakula kutwa.

Jambo ambalo hesabu zangu hazilioni ni moto. Laisini ndiyo asidi amino dhaifu kuliko zote mbele ya joto kavu, maana hushikana na sukari, na rangi ya hudhurungi unayoipenda juu ya chapati ni sehemu ya mshikamano huo. Laisini iliyoshikwa mwili hauitumii, lakini kwenye maabara asidi kali ya kupimia huiachilia sehemu yake na kuihesabu kuwa nzima. Chapati iliyobabuka, au unga wa lishe uliokaangwa mpaka ukawa kahawia, unaweza kuwa chini ya namba yake. Soya ina hatari ya upande mwingine. Ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tumbo kukata protini, na vizuizi hivyo vinavunjwa vizuri na joto lenye maji. Wanaosaga soya kwa ajili ya uji waichemshe kwanza, waianike, ndipo waikaange kidogo na kuisaga. Ile 1.00 ya kwenye jedwali ni ya soya ambayo vizuizi hivyo vimekwisha kupunguzwa kiwandani.

Nilimjibu kwa njia ya unga. Gramu 70 za unga wa ngano zina protini ya gramu 7, na gramu 30 za unga wa njegere kavu zina karibu gramu 7 pia. Ukichanganya 70 kwa 30 umepata nusu kwa nusu ya protini, na 0.75 iko ndani ya chapati yenyewe kabla hata mchuzi haujaja. Njegere hazina gluteni, kwa hiyo donge litakatika ukilisukuma. Liache lipumzike nusu saa, na ukiona bado linapasuka shuka mpaka 80 kwa 20. Alama itakuwa kama 0.65, na kopo anaweza kuliacha dukani.