Rangi ikigeuka ghafla kwenye Dopla, usiwe na haraka ya kuifuta

Jamani leo niseme kitu kinachonikera kila nikikaa na wanafunzi wa fildi kwenye chumba cha ultrasaundi. Mwanafunzi anaweka probu shingoni, anawasha Dopla ya rangi, ile inayopaka rangi damu inayotembea, ateri inajaa nyekundu safi, halafu katikati ya ile nyekundu kinatokea kiraka cha bluu, hapohapo mkono unakimbilia kitufe cha SCALE, anazungusha mpaka bluu yote inapotea na picha inakuwa nzuri ya kutundika ukutani. Mimi moyo unaniuma, maana huenda amefuta kitu pekee cha maana kilichokuwepo kwenye hiyo picha.

Tuanze na rangi yenyewe. Watu wengi, hata wauguzi wetu, wanadhani nyekundu ni ateri na bluu ni veni. Hapana. Nyekundu kwa kawaida ni damu inayokuja upande wa probu, bluu ni inayoikimbia, na hata hilo ni mapatano tu, ukibonyeza INVERT yanabadilishana, ndiyo maana kabla ya kusema lolote unaangalia kwanza ule upau wa rangi pembeni ya skrini, rangi iliyo juu ya upau ndiyo inayokuja kwako. Ateri ileile ya shingo ukiinamisha kisanduku cha rangi kushoto inaweza kuwa nyekundu, ukikiinamisha kulia ikawa bluu, na damu wala haijui kama umefanya chochote, inaendelea na safari yake kwenda kichwani.

Kasi je? Mashine inatuma sauti, tuseme ya 5 MHz, inagonga chembe nyekundu za damu na kurudi. Chembe zikiwa zinakuja kwako sauti inarudi na masafa ya juu kidogo, zikiwa zinaondoka yanarudi ya chini kidogo, ni ule mchezo wa king'ora cha ambulansi kinavyobadilika sauti ikikupita barabarani, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842 akiwa anafikiria rangi za nyota. Tofauti hiyo ya masafa ndiyo kasi. Fomula ni hii:

```
Δf = 2 · f0 · v · cosθ / c
```

Hapo c ni kasi ya sauti mwilini, mita 1540 kwa sekunde, na θ ni pembe kati ya mwali wa sauti na mkondo wa damu. Hiyo cosθ ndiyo inayowaumbua wengi, kwa sababu mashine inaona ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwake au inayoondoka kwake. Mwali ukikatiza mshipa kwa digrii 90, cosθ ni sifuri, damu inapita kwa nguvu zote na wewe skrini yako ni nyeusi. Kwa digrii 60 unapata nusu, yaani damu ya 80 cm/s kwa mashine ni 40. Na namba zile kwenye ncha za upau wa rangi ni hizo za kando ya mwali, tena kila nukta ya rangi ni wastani wa kasi pale, sio kasi ya juu kabisa. Kwa hiyo usisome kasi kwenye rangi ukaiandika kwenye ripoti tafadhali.

Sasa kile kiraka cha bluu, ambacho mara nyingi ni eliasingi, yaani rangi kugeuka kwa uongo kwa sababu damu imekimbia kuliko mashine inavyoweza kuifuatilia. Mashine haiangalii damu muda wote, inapiga mapigo ya sauti kwa vipindi, na idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo PRF, hiyo ndiyo unayoibadilisha ukizungusha kitufe cha SCALE. Chukua saa ya ukutani. Umpe mtu aipige picha kila baada ya dakika 45 akuonyeshe mshale wa dakika peke yake, bila ule wa saa. Picha ya kwanza mshale uko kwenye 12, ya pili kwenye 9, ya tatu kwenye 6, ya nne kwenye 3. Utaapa kwamba saa inarudi nyuma! Na akipiga kila dakika 30 utaona 12, 6, 12, 6, hujui inaenda wapi kabisa. Lazima apige chini ya kila nusu saa ndio ujue ukweli. Saa haina ubovu wowote, picha ndizo zilizokuwa chache kuliko mwendo wake.

Damu ni hivyohivyo. Mashine inaweza kusoma sawasawa tofauti ya masafa isiyozidi nusu ya PRF, hiyo nusu inaitwa kikomo cha Nyquist. Tufanye hesabu moja tu, msikimbie. Probu ya 5 MHz, PRF 4 kHz, nusu yake 2 kHz, ukiirudisha kwenye kasi unapata karibu 31 cm/s, na hiyo ndiyo 31 utakayoiona juu ya upau na -31 chini yake. Sasa damu yetu ya 80 cm/s kwa digrii 60, ambayo mashine inaiona kama 40, inaleta tofauti ya kama 2.6 kHz. Imepita kikomo. Mashine haisemi "samahani nimeshindwa", inazunguka upande wa pili wa upau kama ule mshale, 40 kutoa 62 ni -22, inakupakia bluu. Damu inakuja, skrini inasema inaondoka.

Kwa hiyo bluu katikati ya nyekundu ina maana mbili, ama damu imegeuka kweli, ama imekimbia kuliko skeli yako. Utazijuaje? Angalia mpaka wa rangi, sio rangi. Damu ikigeuka kweli lazima ipite kwenye kasi sifuri, na sifuri kwenye upau ni ile nyeusi ya katikati, kwa hiyo kati ya nyekundu na bluu utaona uzi mweusi. Eliasingi haipiti sifuri, inaruka kutoka ncha hadi ncha, nyekundu inakuwa chungwa, inakuwa njano, halafu inagusana moja kwa moja na bluu ya maji, hakuna weusi. Zoesha macho kuutafuta huo uzi mweusi, nakuambia utaona mengi.

Na sehemu nzuri ya kujizoeza ni pale ateri ya karotidi inapogawanyika shingoni, maana yote mawili yanaweza kuwepo umbali wa sentimita moja au mbili. Pale karotidi ya ndani inapoanza pana kifuko, kimetanuka kidogo, na damu ikiingia mle sehemu yake karibu na ukuta wa nje inazunguka na kurudi nyuma kwa muda mfupi katika kila pigo la moyo. Ni kawaida kabisa kwa mtu mzima wa afya, bluu yenye uzi mweusi. Nimeshaona ripoti imeandikwa "mtiririko usio wa kawaida" kwa ajili ya hicho kibluu, mgonjwa akahangaika bure.

Sasa kisa changu, nikiwa mimi mwenyewe fildi, hospitali siitaji. Aliletwa mzee mmoja, mkono wa kulia ulikataa kushika kikombe kama dakika kumi hivi, maneno yakamponyoka, halafu vyote vikarudi sawa. Kiharusi cha kupita. Daktari akataka tuangalie karotidi, na kwa dalili hizo upande wa kushoto ndio wa kuuchunga zaidi. Nikaweka probu, juu kidogo ya mgawanyiko rangi ikawa vurugu tupu, njano, bluu, vipunje vya kila aina, mimi nikaona aibu, nikajua nimeseti vibaya. Nikapandisha skeli, 31, 50, 70, nikaifikisha karibu 100, picha ikatulia nyekundu iliyokolea, pakabaki chungwa kidogo tu penye vurugu. Nikapima kasi kwenye karotidi kuu huku chini, kabla ya mgawanyiko, 70 cm/s, nikaandika hakuna tatizo, nikajisifu moyoni.

Dada mmoja sonografa mkongwe akaja kupitia picha. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hapa umefuta nini?" Nikamwambia kulikuwa na uchafu wa eliasingi dada, nimeutoa. Hakunigombeza, akasema tu, "Muombe mzee alale tena." Akarudisha skeli kwenye 30, vurugu ikarudi, akaweka kile kigeti cha Dopla ya mawimbi, ile inayochora kasi ya sehemu moja kama grafu, palepale njano inapoingia kwenye bluu, akanyoosha mstari wa pembe kufuata mkondo, digrii 60. Wimbi lenyewe likakatwa kichwa, kilele kikatokezea chini ya skrini, hiyo nayo ni eliasingi. Hapo ndipo akapandisha skeli na kushusha mstari wa sifuri, kilele kikakaa mahali pake: 250 cm/s. Kwa vigezo vya radiolojia vilivyochapishwa 2003 na vinavyotumika sana, karotidi ya ndani ikivuka 125 unaanza kufikiria ubano wa nusu ya njia au zaidi, ikivuka 230 unafikiria asilimia 70 au zaidi, na utando wa mafuta ukutani uonekane pia. Ulionekana. Mzee alikuwa anarudi nyumbani na karatasi yangu inayosema hana tatizo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kwa sonografa eliasingi ni kidole kinachosema pima hapa. Skeli iweke iendane na kasi ya kawaida ya mshipa huo, ili panapokimbia kuliko kwingine pajitokeze penyewe, ukishapaona, ukishapima, basi pandisha skeli upendavyo.

Ila na nyie msinigeuzie maneno. Eliasingi peke yake sio ubano. Shusha skeli mpaka 10 karotidi ya kijana mcheza mpira itajaa rangi zote, na mshipa ukipinda damu inaelekea moja kwa moja kwenye probu, pembe inakuwa ndogo, kasi ileile inaruka kikomo. Ndiyo maana unapima kabla ya kusema.

Na skeli ya juu ina kosa lake lingine baya zaidi. Kuna mishipa iliyobanwa mpaka damu inachuruzika tu, kasi ndogo sana. Ukiwa na skeli ya 80 haionekani, kwa sababu unapopandisha skeli kwenye mashine nyingi kichujio cha kasi ndogo nacho kinapanda, unaandika mshipa umeziba kabisa. Tofauti ya umeziba na unachuruzika ni kubwa, uliobanwa bado unaweza kufaa kwa upasuaji, ulioziba kabisa kwa kawaida hauguswi. Pale mimi nashusha skeli mpaka 5 hivi, naongeza geini, yaani ukuzaji wa mwangwi unaorudi, mpaka vipunje vianze kutokea kisha narudisha kidogo, na nasubiri mapigo kadhaa ya moyo bila kusogeza mkono.

Siku hizi kila karotidi yenye shaka nahifadhi picha mbili, moja ikiwa na vurugu yake na skeli ikisomeka pembeni, nyingine ya wimbi lililopimwa palepale. Kuna radiolojisti mmoja huwa ananitania kwamba picha zangu ni chafu.